Springi, Simu na Tarakimu ya Nne

Ning'iniza jiwe la mizani la gramu 200 kwenye springi, livute chini kidogo, kisha liachie. Litapanda na kushuka kwa mwendo ambao ukiuchora dhidi ya muda unakupa wimbi la sini, mchoro ule wa milima na mabonde yanayofanana. Aliyepita maabara ya fizikia ya sekondari amelifanya jaribio hili: unashika saa, unahesabu mitikisiko 20, unagawanya. Kidole huchelewa kubonyeza kwa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, kwa hiyo katika muda wa sekunde 16 jibu linaweza kupotoka kwa zaidi ya asilimia moja.

Leo mwanafunzi mwenye simu anaweza kufanya vizuri zaidi kuliko hapo. Anarekodi video ya jiwe kwa sekunde 20, na programu ya kompyuta inampa mahali jiwe lilipo katika kila picha. Kwa picha 30 kila sekunde, anapata vipimo 600. Tuchukue mfano ambao wimbi lina kimo cha sentimita 3 kutoka katikati, na kila kipimo kina mtetemo wa kubahatisha wa takriban sentimita 0.15 kwa sababu picha zina ukungu na programu haioni ukingo wa jiwe sawasawa kila mara. Tunachotaka ni namba moja, yaani frikwensi: jiwe linapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Na tunataka kusema kwa haki namba hiyo inaaminika mpaka wapi.

Njia ya kuitafuta ni ile ya miraba midogo kabisa. Unachora wimbi la kubuni, unapima umbali kati ya kila kipimo na wimbi hilo, unauzidisha kila umbali kwa wenyewe, kisha unajumlisha yote 600. Wimbi bora ni lile linalofanya jumla hiyo iwe ndogo kuliko mengine yote. Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805. Mwaka 1809 Mjerumani Gauss akachapisha ya kwake na kudai kwamba alikuwa akiitumia tangu 1795, na Legendre hakufurahi hata kidogo.

Kwa mstari ulionyooka njia hii haina taabu. Kwa wimbi la sini, taabu yote imejificha kwenye frikwensi. Ukiwa tayari unaijua frikwensi, kimo cha wimbi, mahali linapoanzia na kiwango cha katikati hupatikana kwa hesabu ya moja kwa moja, bila kubahatisha. Lakini frikwensi yenyewe kompyuta huitafuta kwa kupapasa: inaanza na namba uliyoipa, inasogea upande ambao jumla inapungua, na inasimama pale ambapo haiwezi kupungua tena. Sasa fikiria mtu anayeshuka mlimani usiku, akiamini kwamba ardhi ikiacha kuteremka basi amefika bondeni. Mandhari ya jumla hii ya miraba yana bonde moja refu lenye jibu la kweli, na pembeni yake vijibonde vingi visivyo na kina. Vinapishana kwa kiasi cha moja gawanya kwa muda wa kurekodi, yaani 1/20, ambayo ni hezi 0.05.

Kwa hiyo kama frikwensi ya kweli ni hezi 1.25 nawe ukaanza na 1.0, uko vijibonde kama vitano mbali. Kompyuta itasimama kwenye kimojawapo, itakupa jibu lenye tarakimu nyingi na hata kiwango cha shaka chake, bila kulalamika. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona ukiitafuta: kimo cha wimbi kinatoka karibu na sifuri ilhali macho yako yanaona sentimita 3, na ukiweka mstari wa kompyuta juu ya vipimo, haufuati chochote. Dawa ni kuhesabu vilele kabla ya kugusa kompyuta. Vilele 25 katika sekunde 20 ni hezi 1.25, na hapo umeshaingia kwenye bonde lenyewe. Ikiwa vipimo vina kelele nyingi kiasi kwamba vilele havihesabiki, jaribu frikwensi zote kutoka 0.5 hadi 2 kwa hatua za 0.01, kila mara ukitafuta kimo na mwanzo kwa hesabu ya moja kwa moja, kisha anza pale jumla ilipo ndogo zaidi.

Ukiwa bondeni, kiwango cha shaka kinatokana na umbo la bonde. Likiwa jembamba na lenye kuta kali, frikwensi ikihama kidogo tu jumla inapanda haraka, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubishana. Likiwa pana, namba nyingi zinafaa karibu sawa. Kwa wimbi lisilofifia, wanahisabati wamelifupisha hilo hivi:

σ_f ≈ √(6/N) · σ / (π T A)

N ni idadi ya vipimo, σ ni mtetemo wa kila kipimo, T ni muda wote na A ni kimo cha wimbi. Kwa mfano wetu √(6/600) ni 0.1, na hesabu inatoa kama hezi 0.00008. Ni ndogo mno kuliko zile 0.05 za umbali kati ya vijibonde, na wengi hushtuka wakiiona, wakidhani haiwezekani kupima kwa usahihi unaopita "moja gawanya kwa muda". Inawezekana, kwa sababu tunajua umbo la wimbi na tuna wimbi moja tu. Ile 0.05 ingekuwa kikwazo kama kungekuwa na mawimbi mawili yanayokaribiana na kazi yetu ingekuwa kuyatenganisha.

Angalia pia T imekaa wapi. Ukiongeza kasi ya kamera mara mbili, vipimo vinaongezeka na shaka inapungua mara 1.4 tu. Ukirekodi kwa muda mara mbili, vipimo vinaongezeka na pia kosa dogo la frikwensi linapata muda zaidi wa kujilimbikiza mpaka lionekane kwenye ncha za rekodi, hivyo shaka inapungua mara 2.8. Ndiyo maana anayetaka frikwensi sahihi ni afadhali awe na subira kuliko awe na simu ya bei kubwa.

Subira nayo ina mpaka, maana jiwe linachoka. Hewa na springi yenyewe hula nguvu, na katika mfano wetu kimo kinashuka kutoka sentimita 3 hadi 1.8 mwishoni mwa sekunde 20. Ukilazimisha wimbi la kimo kisichobadilika, kompyuta itachagua kimo cha wastani, karibu 2.4. Tofauti kati ya vipimo na wimbi zitakuwa kubwa mwanzoni, zitatulia katikati, zitakua tena mwishoni. Ukizichora peke yake utaona umbo kama la tai ya kipepeo, wakati zilipaswa kutawanyika ovyo bila mpangilio. Wastani wa tofauti hizo unapanda kutoka 0.15 hadi kama 0.29, na kiwango cha shaka unachoripoti kinakuwa hakina maana, kwani kompyuta inadhani huo wote ni mtetemo wa kubahatisha. Mchoro huu wa masalia ndio ningedai kuuona kabla ya kusoma namba yoyote kwenye ripoti ya mwanafunzi. Tiba yake ni kuongeza kufifia ndani ya wimbi lenyewe. Kwa Python ni mistari michache:

```
import numpy as np
from scipy.optimize import curve_fit

def wimbi(t, A, f, fi, C, tau):
    return A*np.exp(-t/tau)*np.sin(2*np.pi*f*t + fi) + C

p, cov = curve_fit(wimbi, t, y, p0=[3, 1.25, 0, 10, 40])
print(p[1], np.sqrt(cov[1, 1]))
```

Namba tano za `p0` ni makisio ya kuanzia, na 1.25 imetoka kwenye kuhesabu vilele. Mstari wa mwisho unatoa frikwensi na shaka yake. Tuseme inatoka 1.2514, na shaka 0.0001, kubwa kidogo kuliko ya fomula kwa sababu wimbi lililofifia mwishoni linatufaa kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba kama tungerudia jaribio mara nyingi kwa vifaa vilevile, takriban mara 68 kwa 100 jibu lingeangukia ndani ya 0.0001 ya thamani ambayo vifaa hivyo vinaizunguka. Hatujasema kwamba thamani hiyo ndiyo ya kweli.

Na hapa ndipo ripoti nyingi nzuri huharibika. Tumeamini kwamba kamera inapiga picha 30 kila sekunde. Zipo nyingi zinazopiga 29.97, urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953. Tofauti ni asilimia 0.1, jicho haliioni. Lakini saa yetu ikikosea kwa asilimia 0.1, frikwensi inakosea kwa asilimia hiyohiyo: jibu la kweli ni 1.2501. Tumepotea kwa 0.0013, mara kumi na tatu ya shaka tuliyoitangaza, na hakuna chochote kwenye mchoro wa masalia kitakachotuambia, kwa sababu saa iliyonyooshwa kidogo huzaa wimbi zuri lilelile. Kurekodi zaidi hakusaidii. Namna ya kuligundua ni kurekodi saa ya kidijitali kwa dakika 10 na kuhesabu picha: zikiwa 18,000 kamera ni ya 30, zikiwa 17,982 ni ya 29.97. Simu nyingine hubadilisha kasi mwanga ukipungua, na kwa hizo inabidi kutumia muda uliohifadhiwa kwa kila picha ndani ya faili.

Basi tunaandika hezi 1.2501 ± 0.0001, na kando yake tunaeleza tulivyoihakiki saa ya kamera. Tarakimu za ziada ambazo kompyuta inamwaga baada ya ya nne tunazikata.

Mwanafunzi kwa kawaida anaitaka frikwensi ili apate ugumu wa springi, kwa kuzidisha 4π² kwa uzito na kwa frikwensi mara frikwensi. Kwa kilo 0.2 inatoka nyutoni 12.34 kwa mita, na shaka ya frikwensi inachangia 0.002 tu. Mizani yenye kosa la gramu moja inachangia 0.06. Halafu springi nayo ina uzito, na theluthi yake hutikisika pamoja na jiwe: kwa springi ya gramu 12 unaongeza gramu 4, na jibu linaruka hadi 12.59.