Pini moja, miguu saba

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha darasa la nne katika shule moja yenye sakafu ya udongo, mwanafunzi mmoja alizoea kuvua kiatu chake kilichotoboka na kuusugua mguu kwenye mguu wa dawati. Siku ya tatu nilimwita nje, nikamkalisha juani na kuutazama wayo wake. Pembeni mwa ukucha wa kidole kidogo palikuwa na duara jeupe mfano wa punje ya mtama, na katikati yake nukta nyeusi. Nilichomoa pini niliyokuwa nimebandikia ratiba ukutani, nikamtoa funza huyo. Wenzake walipoona, walipanga foleni. Kufikia kengele ya mapumziko nilikuwa nimetoa funza katika miguu saba kwa pini ile ile. Wazazi walinishukuru. Leo naandika kuungama kwamba nilikosea.

Kwanza tufahamu nukta ile ni nini. Jina funza hutupotosha, kwa sababu twalitumia pia kwa mabuu ya nyama iliyooza. Huyu wa miguuni, ambaye kamusi humwita tekenya, si mnyoo wala buu. Ni kiroboto, tena mdogo mno, kiasi cha milimita moja. Hakuwa mwenyeji wa bara letu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na mwaka wa 1872 alishuka Angola kutoka katika meli iliyotoka Brazili ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito. Kabla ya karne hiyo kwisha, alikuwa amekwisha kulivuka bara hadi pwani ya Afrika Mashariki, akisafiri katika nyayo za wapagazi, wafanyabiashara na askari.

Anayeingia mwilini na kukaa humo ni jike. Huingia kichwa mbele, akaacha ncha ya nyuma imechungulia nje. Ncha hiyo ndiyo nukta nyeusi tuionayo. Ni mlango wake wa kila kitu: kwa hapo hupumua, kwa hapo humpokea dume, kwa hapo hutoa kinyesi na mayai. Siku ya kwanza huonekana kidoa chekundu tu kinachowasha. Siku ya pili au ya tatu duara jeupe huanza kuizunguka nukta, kwa kuwa tumbo linajaa mayai. Katika wiki mbili hivi huweza kufikia ukubwa wa punje ya njegere, na mwenye mguu hutembea kwa kisigino. Hutaga mayai zaidi ya mia moja, yakidondoka vumbini kila mtoto apigapo hatua. Baada ya wiki nne hadi sita funza hufia papo hapo, akakauka na kubanduka pamoja na ngozi.

Mwalimu atamtambuaje basi? Atazame mabadiliko ya siku baada ya siku. Azungushie doa lile mstari wa kalamu ya wino, kisha alitazame tena baada ya siku mbili kwa kioo cha kukuzia kilichomo katika sanduku la sayansi. Funza atakuwa amekua, na huenda mayai meupe yakaonekana yamenata kandokando. Mwiba huuma tangu siku ya kwanza ukibonyezwa, wala haujengi duara jeupe. Chunjua ya wayo hukua polepole kwa miezi, na aghalabu huwa na vidoa vyeusi vingi badala ya kimoja. Damu iliyoganda chini ya ukucha baada ya kujikwaa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Ama doa jeusi lisilowasha, linalodumu miezi na kutanuka, hilo si la pini wala la mwalimu. Lipelekwe kwa daktari.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Pini ile ilipita katika damu ya watoto saba. Ikiwa mmoja wao alikuwa na virusi vya homa ya ini au vya ukimwi, mimi mwenyewe ningeweza kuwa mpagazi wa virusi hivyo hadi kwa wenzake. Isitoshe, nilipowapasua funza wawili watatu wakiwa ndani, niliacha vipande vyao katika vidonda, navyo huleta uvimbe na usaha. Kisha niliwaachia watoto vishimo vilivyo wazi waende navyo katika vumbi lile lile, ambako vijidudu vya pepopunda hukaa. Sikumwuliza hata mmoja kama alikuwa amechanjwa.

Ipo njia iliyo bora kuliko pini. Kwa kuwa uhai wa funza wote wapitia katika nukta ile, mafuta mepesi yaitwayo dimethikoni hupakwa juu yake, yakapenya na kuuziba mlango. Majaribio yaliyofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kwamba baada ya siku saba mafuta hayo yalikuwa yameua funza wengi zaidi, takriban mara mbili ya waliouawa kwa kulowesha miguu katika maji ya zambarau ya pamanganeti ya potasiamu. Hakuna kuchokoa, funza aliyekufa hutoka mwenyewe. Pale mafuta hayo yasipopatikana na ikalazimu kumtoa, kazi hiyo ifanywe zahanati, kwa sindano safi ambayo haitatumiwa kwa mtu wa pili, ngozi ipanuliwe kidogo kuzunguka nukta, funza atoke mzima, na kidonda kisafishwe na kufungwa. Mafuta ya taa yasitumiwe, kwani huiunguza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa.

Lakini hata tiba hiyo ni nusu ya kazi. Wale saba niliowatoa funza walirejea na funza wengine kabla ya mwezi kwisha, nami nikawagombeza kwa uchafu. Waama mchafu hakuwa mtoto. Ilikuwa sakafu yangu. Yai likianguka katika vumbi kavu hutoa buu baada ya siku tatu au nne. Buu hula takataka zilizomo vumbini, hujifungia katika kifuko, na takriban wiki tatu tangu yai kuanguka hutoka kiroboto kipya. Hurukia mguu wa kwanza upitao, au wa mbwa, au wa nguruwe. Mtoto aoge mara ngapi kwa siku, ikiwa saa saba za siku ameketi juu ya kiota?

Kwa hivyo naona si haki kumtuma mtoto nyumbani ati arudi akiwa amepona, wala kumsimamisha mbele ya wenzake. Aaibishwaye huificha miguu, na anayeificha huendelea kudondosha mayai darasani mwetu. Ningependa walimu wenzangu waanze na mambo mawili. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kila siku kabla ya kufagiwa, na fedha ya kwanza ya ukarabati itakayopatikana inunue saruji ya sakafu kabla ya rangi ya lango. Na kila Ijumaa miguu itazamwe faraghani, mmoja mmoja, ili nukta ionekane ingali changa.

Pini irudi ukutani, ishike ratiba.