Katriji ya Mikisa: Vipimo Kabla ya Nauli

Mikisa ya mkono mmoja ikiendelea kudondosha maji hata baada ya kufungwa, mara nyingi mkosaji ni katriji, kile kikopo cha plastiki chenye vigae viwili ndani. Mteja humtumia muuza vifaa picha ya bomba zima, kisha hushangaa kuletewa kisichoingia. Picha ya bomba haisemi kitu. Katriji yenyewe ndiyo husema.

Ujumbe unaoeleweka huwa hivi:

“Habari za kazi, kaka. Natafuta katriji ya mikisa ya sinki la jikoni. Kipenyo cha mwili milimita 35. Kimo bila shina nimepima, kipo kwenye picha pamoja na rula. Chini ni bapa, matundu matatu yenye raba, vijino viwili. Unayo?”

Kipenyo cha 35 na 40 ndivyo vya kawaida, na kwa macho hufanana. Lakini kinachowaponza wengi ni kitako: kingine bapa, kingine kimeinuliwa kwa miguu. Kipenyo kikilingana na kitako kikatofautiana, raba hazikai mahali pake na maji huvuja chini ya mkono.

Funga maji kwanza, ndipo uifungue na kuipima.