Umepona, lakini PCR bado inasema unayo: je, unaambukiza wengine?

Tuseme kuna mama anayepika katika hoteli moja ya barabarani. Aliugua korona: homa, koo kuwasha, mwili kuuma, kikohozi kwa siku chache. Siku ya tatu alipimwa kwa kipimo cha PCR na akapatikana nayo. Akakaa nyumbani, akapona. Siku ya 15 yuko mzima kabisa, anafua, anabeba maji, lakini mwajiri amemwambia asikanyage jikoni bila cheti cha kuonyesha hana virusi. Anarudi kupimwa, na majibu yanatoka yakiwa yale yale: anayo. Analipwa kwa siku, kwa hivyo kila asubuhi anayongoja ni pesa ya unga iliyokwenda. Nyumbani nako watoto bado wamehamishiwa kwa nyanya yao.

Maswali ya namna hii yalianza na korona mwaka wa 2020, na bado yanaulizwa kila mtu anapopimwa PCR baada ya kupona. Jibu lake limo ndani ya kipimo chenyewe, na hasa katika nambari moja ambayo kwa kawaida haiandikwi kwenye karatasi anayopewa mgonjwa.

Kipimo cha PCR hakitafuti virusi vizima. Kinatafuta kipande kifupi cha maandishi ya urithi wa virusi. Virusi vya korona vina maandishi ya takriban herufi 30,000, na PCR husoma sehemu ndogo tu kati ya hizo, mara nyingi kama herufi 100 hivi. Kipande hicho kikipatikana, majibu ni kwamba unavyo, hata kama virusi vilivyokibeba vilishavunjwavunjwa na kinga ya mwili. Ukienda kwa mafundi wa jua kali ukakuta kibao cha nambari ya matatu, utajua gari hilo lilikuwapo. Huwezi kujua kwa kibao hicho kama bado linabeba abiria.

Na mabaki hayo huchukua muda kuondoka. Chembe za ngozi laini ya pua na koo zilizoshambuliwa hufa na kubanduka polepole, zikiwa na vipande vya virusi ndani yake. Mtu aliyepona huendelea kuvitoa kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki kadhaa. Waliowahi kutibiwa kifua kikuu huenda wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: mashine ya GeneXpert, inayotumika kugundua kifua kikuu, haitumiwi kufuatilia kama dawa zinafanya kazi, kwa sababu inaweza kuona mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Mgonjwa anayeendelea na dawa hufuatiliwa kwa makohozi yanayoangaliwa kwa darubini au kuoteshwa maabara.

Sasa tuje kwenye nambari yenyewe. Sampuli ya puani ikifika maabara, maandishi ya virusi hutolewa na kugeuzwa kuwa DNA. Kisha mashine huipasha moto hadi karibu nyuzi 95, huipoza, na kurudia hivyo tena na tena. Kila mzunguko mmoja wa moto na baridi huzidisha kile kipande mara mbili: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Vipande vinapoongezeka, dawa maalumu iliyochanganywa humo hutoa mwanga. Mzunguko ambao mwanga huo unavuka mstari uliowekwa na maabara ndio unaoandikwa kwenye mashine kama Ct, yaani kizingiti cha mzunguko. Mashine nyingi husimama kwenye mzunguko wa 40 au 45.

Hapa ndipo watu hukosea. Nambari kubwa haimaanishi ugonjwa mkubwa, bali kinyume chake. Kama sampuli ilikuwa na virusi vingi tangu mwanzo, mwanga huonekana mapema, labda kwenye mzunguko wa 18. Kama ilikuwa na chembe chache tu, mashine hulazimika kuzunguka mara 33 au 35 kabla ya kuona chochote.

Turudi kwa mpishi wetu. Tuseme sampuli yake ya siku ya tatu ilikuwa na Ct ya 18, na ile ya siku ya 15 ikawa na Ct ya 33. Tofauti ni mizunguko 15. Kwa kuwa kila mzunguko ni maradufu, mizunguko 10 peke yake ni tofauti ya mara 1,024, na mizunguko 15 ni tofauti ya mara 32,768. Kwa maneno mengine, puani mwake siku ya 15 kulikuwa na takriban sehemu moja kati ya 32,000 ya kile kilichokuwapo alipokuwa mgonjwa. Karatasi zote mbili, hata hivyo, zilisema neno moja tu: anayo. Mwajiri aliyeziona zote mbili asingeweza kujua tofauti.

Je, hiyo sehemu ndogo iliyobaki inaweza kumwambukiza mteja? Njia ya maabara ya kujua ni kuweka sampuli juu ya chembe hai na kusubiri kuona kama virusi vitazaliana. Nchini Kanada, watafiti wa Winipegi walifanya hivyo mwaka wa 2020 kwa sampuli 90 zilizokuwa zimeonyesha virusi kwa PCR. Virusi viliota katika 26 tu. Havikuota kabisa katika sampuli zenye Ct ya juu ya 24, wala katika zile zilizochukuliwa zaidi ya siku nane baada ya dalili kuanza.

Ushahidi wa mitaani ulitoka Korea Kusini mwaka huo huo. Kulikuwa na hofu kubwa huko, kwa kuwa watu waliotangazwa kupona walikuwa wakipimwa upya na kupatikana nayo, na wengi wakadhani ugonjwa umewarudia. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo ikawafuatilia watu 285 wa aina hiyo pamoja na watu 790 waliokutana nao. Hakupatikana hata mmoja aliyethibitika kuambukizwa na hao waliopona. Sampuli za watu 108 kati yao zilioteshwa, na hakuna virusi hai vilivyopatikana. Nchi hiyo ikaacha kuwataka watu wa aina hiyo wapimwe tena kabla ya kurudi kazini au shuleni.

Tarehe 27 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwongozo wake mpya. Kabla ya hapo mgonjwa alihitaji kupimwa mara mbili bila kupatikana na virusi ndipo aachiliwe kutoka karantini. Baada ya hapo, kigezo kikawa siku: angalau siku 10 tangu dalili zianze, pamoja na siku tatu zaidi bila dalili. Mwezi wa Januari 2023 sharti la siku tatu za ziada liliondolewa, na asiyekuwa na dalili kabisa akawekewa siku tano tangu apimwe. Mpishi wetu, aliye siku ya 15 na hana dalili, amevuka vigezo vyote viwili, cha zamani na cha sasa. Ct yake ya 33 inakubaliana na hilo, lakini hata kama nambari hiyo isingejulikana, siku zingetosha.

Mtu anaweza kuuliza: basi kwa nini maabara zisiandike Ct kwenye kila cheti, na mwajiri akaambiwa mpaka uko wapi? Sababu ni kwamba mpaka huo haupo kwa wote. Wakati Winipegi ilikuwa ikisema virusi haviwi hai juu ya 24, watafiti wa Marsei, Ufaransa, waliendelea kuviotesha hadi karibu na 34. Haina maana kwamba mmoja wao alidanganya. Mashine, vifaa vya kupimia, na hata sehemu ya virusi inayosomwa vinaweza kutofautiana kati ya maabara na maabara. Ct ya 28 katika hospitali moja si lazima iwe 28 katika nyingine. Ndiyo maana nambari hii ni ya kusomwa na daktari au afisa wa maabara anayeijua mashine yake, na haifai kulinganishwa na ya jirani.

Uchukuaji wa sampuli nao una lake. Kijiti cha pamba kikiishia mlangoni mwa pua badala ya kufika ndani, sampuli huwa nyembamba na Ct hupanda, hata kama mtu amejaa virusi. Kwa hiyo Ct ya juu mara moja si cheti cha usalama.

Kosa la hatari zaidi ni kusahau kwamba Ct ya juu hutokea mara mbili katika ugonjwa mmoja: mwisho wake, na mwanzo wake. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kuwa na Ct ya 33 leo na ya 20 kesho kutwa, na katikati ya hapo akawa anaambukiza vibaya. Karatasi ya leo haiwatofautishi yeye na mpishi wetu. Kinachowatofautisha ni historia: dalili zilianza lini, na je, kulikuwa na kipimo cha awali? Kama hakuna historia, hupimwa tena baada ya siku moja au mbili. Ct ikishuka, ugonjwa unaanza. Ikipanda au ikibaki juu, unaelekea kuisha.

Kuna pia wale ambao hesabu ya siku 10 haiwafai. Mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, kwa mfano anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, au anayeishi na virusi vya Ukimwi bila kutumia dawa, anaweza kubaki na virusi hai kwa wiki nyingi, hata miezi. Aliyelazwa akiwa mahututi pia huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Hawa waamuliwe na daktari wao, na kwao Ct na vipimo vya kurudiwa vina kazi kubwa.

Kwa aliyepona kawaida, kurudia PCR hadi majibu yageuke ni kulipia kuona mabaki. Mwajiri akisisitiza kipimo, kipimo cha haraka cha antijeni kinafaa zaidi. Chenyewe hutafuta protini ya virusi bila kuizidisha, hivyo kwa kawaida huacha kuonyesha virusi vinapopungua sana, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 30. Mwongozo wa 2023 wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu hata kutoka karantini mapema kwa aliyepimwa hivyo na kutopatikana na virusi.

Ukienda kituo cha afya kuomba barua ya kurudi kazini, beba karatasi ya kipimo cha kwanza na umweleze mhudumu tarehe ambayo dalili zilianza. Tarehe hiyo ndiyo atakayoihitaji kwanza. Na kama baada ya kupona umepata homa mpya au kikohozi kipya, mwambie hilo kabla ya lolote, kwa kuwa hapo hesabu inaanza upya.