Picha ya fomu: punguza vipimo kabla ya kubana

Wakaazi wanaojaza fomu mtandaoni, tuseme inayotaka picha isiyozidi kilobaiti 100, wasikimbilie kubana faili. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ikibanwa yote, JPEG, ambayo hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, hufuta maelezo ndani ya kila mraba, na uso huonekana kama vigae.

Ukiwa saiba Kangemi au katikati ya jiji, mwombe mhudumu akate picha ibaki kichwa na mabega, aipunguze hadi pikseli 600 kwa 600, kisha aihifadhi kwa Quality 80. Ikizidi bado, apunguze vipimo hadi 500. Kabla ya kutuma, itazame kwa asilimia 100: mashavu yasiwe na miraba.