Pumzi Kwanza: Kumhuisha Mtoto Mchanga Aliyezimia

Moyo wa mtu mzima ukisimama ghafla, aghalabu husimama kwa maradhi yake wenyewe, na damu iliyomo mwilini wakati ule huwa bado ina hewa ya kutosha kwa dakika chache. Ndiyo sababu watu wengi siku hizi hufundishwa kwamba mtu mzima akianguka, yatosha kumbonyeza kifua mfululizo mpaka msaada ufike. Mtoto asiyetimiza mwaka hali yake ni nyingine kabisa. Moyo wake kwa kawaida ni mzima, nao haukomi ila baada ya pumzi kukoma, ama kwa maji, ama kwa homa ya mapafu, ama kwa kitu kilichomkaba kooni, hata damu ikaishiwa na hewa na moyo ukalegea polepole hadi ukatulia. Kumbonyeza mtoto wa namna hii bila kumpulizia pumzi ni kuizungusha damu iliyokwisha kuishiwa, na kwa hiyo miongozo ya tiba ya watoto inayofuatwa na Wizara ya Afya ya Kenya huanza na pumzi tano kabla ya kifua kuguswa.

Tuchukue mfano wa jambo linaloweza kutokea Kakuma, ambako familia nyingi, za wenyeji na za wakimbizi waliopokewa kambini tangu mwaka 1992, huchota maji bombani kwa saa maalumu na kuyaweka akiba kwa madumu, ndoo na karai. Mtoto wa miezi tisa, aliyeanza kutambaa, ameinamia karai lenye maji yasiyofika shubiri moja, kichwa chake kizito kikamvuta, na mama aliyegeuka kuchochea moto anamkuta uso umo majini, mwili umelegea na midomo imegeuka rangi. Mama yuko peke yake.

Jambo la kwanza ni kumtoa na kumlaza chali mahali pagumu. Nasema pagumu kwa kusudi, maana mchanga uliolegea wa kando ya laga, au godoro, humeza nguvu yote ya mkono na kifua kisibonyee. Ardhi iliyoshindiliwa yafaa, hata ikiwa imetandikwa ngozi, na meza yafaa zaidi. Hapo amwite kwa sauti na kumtekenya nyayo kwa kidole, lakini asimtikise, kwa kuwa ubongo wa mtoto huumia kwa kutikiswa. Asipojibu, mama apige ukelele wa kuita majirani pasipo kumwacha.

Kisha afungue njia ya hewa, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Kisogo cha mtoto mchanga ni kikubwa, hivyo akilazwa chali shingo hukunjika mbele na kidevu huangukia kifuani. Na mtu akitaka kurekebisha kwa kumrudisha kichwa nyuma mno, kama afanyiwavyo mtu mzima, koo lile laini hujifunga vilevile, mithili ya mrija uliokunjwa. Uso wataka uelekee juu sawasawa, hauinami wala haurudi nyuma, na leso iliyokunjwa ikiwekwa chini ya mabega husaidia sana. Kidevu kiinuliwe kwa ncha ya kidole kwenye mfupa, si kwenye nyama laini iliyo chini yake.

Akiwa katika hali hiyo, mama ainamishe shavu lake karibu na pua ya mtoto, macho yakitazama kifua, asikilize na ahisi pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Upepo wa Lodwar unapovuma na vumbi lake, shavu huweza kudanganywa, basi bora ajikinge na ukuta na ategemee zaidi macho. Jambo la hadhari kubwa ni kutweta kwa mbalimbali, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, kisha kimya kirefu: hiyo si pumzi, bali ni dalili ya moyo unaosimama, na mwenye kuingoja ituame hupoteza dakika zenye thamani. Kutafuta mapigo ya moyo kuachiwe wahudumu wa afya, maana asiyezoea huweza kuyahisi ya vidole vyake mwenyewe.

Ikiwa hapumui, ampe pumzi tano. Mdomo wa mama ufunike mdomo na pua ya mtoto kwa pamoja, apulize taratibu kwa muda wa sekunde moja hewa inayojaa mashavuni tu, na kila mara atazame kama kifua kimeinuka na kushuka. Pumzi ya nguvu haingii mapafuni ila huenda tumboni, ikaleta matapishi. Kifua kisipoinuka, kosa aghalabu liko kwenye shingo au mdomo haukuziba vema, kwa hiyo arekebishe kichwa na kujaribu tena, wala asiingize kidole kooni kupapasa asichokiona. Pia asimning'inize kichwa chini ili maji yatoke. Maji yanayotoka hivyo mengi ni ya tumboni, na wakati unaopotea haurudi.

Baada ya pumzi tano, mtoto asiposogea, asipokohoa wala kupumua, ndipo kifua kibonyezwe. Shanga za shingoni, ambazo watoto wengi wa Kiturkana huvikwa, zisogezwe zisizuie mkono. Mama azungushe mikono miwili ubavuni, vidole vikishika mgongo, na vidole gumba viwili vikae juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, chini kidogo ya mstari wa chuchu, lakini si kwenye ncha ya mwisho ya mfupa ule wala tumboni. Ikiwa mikono haizunguki, atumie kitako cha kiganja kimoja. Abonyeze theluthi ya kina cha kifua, takriban sentimita 4, kisha akiachie kirudi chote kabla ya kubonyeza tena, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono ya mwenye huruma huogopa na kubonyeza juujuu, nami nasisitiza kwamba woga huo ndio wenye madhara: bila kina hicho damu haifiki ubongoni.

Abonyeze mara 30, ampulizie mara mbili, arudie. Wahudumu wawili waliofunzwa hubonyeza mara 15 kwa pumzi mbili. Kwa mtoto anayezaliwa papo hapo hesabu ni nyingine, nayo ni kazi ya mkunga. Ikiwa dakika moja imepita na hakuna jirani aliyefika, mama ambebe mtoto kwenye mkono hadi penye simu, apige 999 au 112, na aendelee. Akitapika, ageuzwe ubavu, afutwe mdomo, na kazi iendelee mpaka alie, asogee au apumue sawasawa, au wahudumu wachukue nafasi.

Akizinduka, avuliwe nguo za maji, akaushwe, afunikwe, alazwe ubavu na macho yasimwache, kwani pumzi huweza kukoma tena. Kisha apelekwe siku ileile, hata akionekana mzima na ananyonya, hospitali ya Ammusait ikiwa yuko kambini, au hospitali ya rufaa ya kaunti akiwa Lodwar, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji huweza kuvimba saa kadhaa baadaye, na hapo atahitaji oksijeni ambayo nyumbani haipo.