Blenda Kumi na Mbili za Ijumaa ya Punguzo

Novemba ikiingia, simu za watu wa Nairobi, Mombasa na Kampala hufurika matangazo ya bei za kuporomoka. Siku yenyewe, Black Friday, imetoka Marekani. Ni Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya kutoa shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Huku kwetu imeletwa zaidi na majukwaa ya kuuza mtandaoni, na wao hawatosheki na siku moja. Jumia, kampuni iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012, huitandaza mauzo hayo ya Kenya karibu mwezi mzima.

Sasa mchukue mwenye duka la vyombo vya jikoni, tuseme yuko Mwembe Tayari, Mombasa. Ana rafu mbili za sufuria, blenda, pasi na nyaya za umeme, kijana mmoja wa kumsaidia, na daftari lenye namba za wateja waliowahi kununua. Naye anataka kuandika tangazo. Kosa linalowapata wengi wa aina yake ni kuandika kama jukwaa linavyoandika: "BLACK FRIDAY NI HII! Bei poa kuliko zote mjini! Punguzo hadi 50% kwa bidhaa zote! Wahi!!!" na moto wa emoji mwishoni.

Jukwaa likisema "hadi 50%", lina maelfu ya bidhaa. Kava la simu moja lililopunguzwa nusu bei linatosha kulifanya tangazo liwe la kweli. Mteja naye amekwisha kuzoea, anafungua, anapekua, haoni alichotaka, anafunga. Duka dogo halina maelfu ya kujifichia. Mtu akipanda matatu kutoka Likoni kuja kutafuta hiyo nusu bei na akaikuta kwenye vijiko tu, hatamsamehe mwenye duka, maana uso wake anaujua.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, ashike kikokotoo. Tuchukue mfano wa blenda ya lita moja na nusu. Kwa bei ya jumla imemgharimu shilingi 2,900, na siku zote huiuza 3,800, akabaki na 900. Akiipunguza kwa asilimia 20 ataiuza 3,040, na mkononi itabaki 140, hapo hajalipa kodi ya chumba wala hajampa kijana chochote. Asilimia 50 ni 1,900, yaani analipa yeye ili mteja achukue. Akishuka hadi 3,400, punguzo ambalo ni kama asilimia 10 na nusu, anabaki na 500. Ili 500 hizo zimfikishe pale blenda 12 zinapomfikisha kwa bei ya kawaida, itabidi auze 22.

Hesabu hiyo ndiyo inayoandika tangazo. Inamwambia kwamba "bidhaa zote" haliwezekani, na kwamba kupambana na jukwaa kwa bei ni kazi bure. Anachoweza ni kutoa bidhaa moja, kwa idadi anayoijua, na kuihesabu faida anayoiacha kuwa ndiyo gharama ya tangazo. Kwa blenda 12 anaacha shilingi 4,800. Akiona ni nyingi, atoe sita. Bidhaa nyingine zote zibaki na bei zake, kwa sababu anayefuata blenda mara nyingi hukumbuka pia waya wa kuongezea umeme au chujio.

Bidhaa ikishachaguliwa, swali linalobaki ni nini cha kusema ambacho jukwaa haliwezi kukisema. Bei haimo, maana mtandaoni blenda kama hiyo huenda ikapatikana kwa 2,990. Lakini mnunuzi wa mtandaoni ana hofu zake, na anayeuza ana kwa ana huzisikia kila siku: itakuja ile ya kwenye picha? Itawaka? Ikifa baada ya wiki mbili nimpelekee nani? Tangazo la duka dogo lijibu hofu hizo, moja baada ya nyingine, kwa maneno ya kaunta.

Hili hapa, kwa ujumbe wa SMS:

"Blenda ya lita 1.5 Ijumaa hii 3,400 badala ya 3,800. Ziko 12. Ijaribu dukani kabla ya kulipa. Ikiharibika ndani ya miezi 3, ilete kwetu."

Hakuna alama hata moja ya mshangao. Kila sentensi ina kitu ambacho mteja anaweza kukihakiki akifika. "Ziko 12" inamharakisha kuliko "Wahi!!!", kwa sharti kwamba ziwe 12 kweli. Nimeona maduka yanayoandika "zimebaki 3" asubuhi, na jioni bado zimebaki 3. Jirani hulikumbuka jambo kama hilo hata Pasaka.

"Miezi 3" nayo ina hesabu yake. Mkono hutamani kuandika mwaka mzima kwa sababu mwaka unavutia. Lakini ikiwa muuzaji wa jumla anakubali kubadilisha kwa miezi mitatu tu, kila blenda itakayorudi baada ya hapo ni ya mwenye duka. Blenda 12 zimempa faida ya 6,000. Zikirudi mbili, akatoa mpya mbili za 2,900 kila moja, amebakiwa na shilingi 200. Ahadi ya tangazo isizidi ahadi aliyopewa yeye, na aliyopewa aiombe kwa maandishi kabla ya Ijumaa.

Halafu "badala ya 3,800". Hapa ndipo penye mtego wa zamani, kuipandisha bei wiki moja kabla ili ushuke pale pale ulipokuwa. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni madai ya uongo kusema kuna nafuu ya bei ilhali haipo. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu 2022 muuzaji anayetangaza punguzo anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoitoza ndani ya siku 30 zilizotangulia. Kwetu hakuna anayemdai mwenye duka hizo siku 30, ila ni kipimo kizuri cha kujipimia. Kitabu cha risiti kinachoonyesha 3,800 mwezi wa Oktoba kinafunga mjadala wowote kwenye kaunta.

Ujumbe huo una herufi 136, ukihesabu na nafasi. SMS moja hubeba 160, kwa hiyo zimebaki 24 za mstari mfupi wa kumwezesha mtu kujitoa kwenye orodha, jambo ambalo kanuni za Kenya za kulinda taarifa binafsi zinalitaka. Sasa weka emoji moja ya moto. Simu inalazimika kubadili namna ya kuziandika herufi zote, na kiwango kinashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe ule ule sasa unagawanyika vipande vitatu, na anayetumia kampuni ya kutuma SMS kwa wingi analipia vyote vitatu kwa kila namba. Kuna mwizi mwingine asiyeonekana, naye anawahusu sana wanaoandika Kiswahili: ile alama ya juu katika "ng'aa" au "ng'ombe". Ikiwa imenyooka, hakuna tatizo. Simu nyingi hasa za bei ya juu huipinda zenyewe, na iliyopinda huleta matokeo yale yale ya emoji. Anayeona gharama ya kutuma imeruka bila sababu aanze kuitafuta hapo.

WhatsApp ina taratibu zake. Orodha ya kutangazia hupokea watu 256 tu, na ujumbe unawafikia wale waliohifadhi namba ya duka kwenye simu zao, basi. Kwa hiyo kazi ya kuomba "nihifadhi, andika Duka la Vyombo" inatakiwa ianze Septemba, wakati wa kutoa risiti. Kwenye Status, ambayo hukaa saa 24, picha iliyonakiliwa kutoka kwa mtengenezaji haisemi kitu. Piga picha boksi lenyewe juu ya kaunta, bei imeandikwa kwa kalamu ya maka kwenye kipande cha manila. Na bei iwepo! "Bei njoo inboksi" humfukuza mtu ambaye tayari ana pesa mkononi, kwani anahisi utampima kwanza ndipo umtajie.

Siku za kutuma zina mantiki yake pia. Ijumaa hiyo huangukia kati ya tarehe 23 na 29 Novemba, na mwaka 2026 itakuwa tarehe 27. Ikiangukia 23, wengi hawajalipwa mshahara, na tangazo la siku moja litawapita. Bora liseme "Ijumaa hadi Jumamosi ya wiki inayofuata". Mombasa kuna na swala ya Ijumaa, ambapo maduka mengi hufungwa kwa muda, hivyo ujumbe utumwe Jumatano jioni ili mtu apange safari yake. Wengine hawapendi Ijumaa iitwe nyeusi. Mwaka 2014 duka la mtandaoni la Souq, huko Ghuba, lilichagua kuiita Ijumaa Nyeupe kwa sababu hiyo. Kwa duka la Mwembe Tayari, "Ijumaa hii" inatosha.

Wateja wa daftarini waambiwe siku moja kabla ya wengine. Aliyenunua kwa 3,800 Jumanne atakuja na lawama yake Ijumaa, naye ana haki. Kumrudishia 400 au kumpa chujio ni nafuu kuliko kumpoteza.

Kisha kuna lile litakalosemwa kaunta, na tangazo liwe limeliandalia njia.

"Kaka, hii mtandaoni nimeiona 2,990."

"Ni kweli, dada, bei yao iko chini. Hii washa uisikie mwenyewe. Na mpira wa chini ukilegea, ninao hapa, huagizi popote."

Hakuikana bei, wala hakuwasema vibaya wenzake. Kama hana huo mpira wa akiba, asiutaje.

Kujua kama tangazo limefanya kazi, simu zilizoita si kipimo. Kijana aulize kila anayelipa ameliona wapi, SMS, Status au kibao cha mlangoni, aandike kando ya risiti. Baada ya hapo aangalie wiki mbili zinazofuata. Mauzo yakipanda Ijumaa na kudorora sana baadaye, wateja ni wale wale, wameharakisha tu kununua walichokuwa wanunue Desemba, na zile 4,800 zimeteketea. Yakirudi kawaida, huku risiti zikionyesha majina mapya na nyaya na chujio zimeondoka pamoja na blenda, mwakani aongeze idadi.

Blenda ya kumi na mbili ikitoka, kibao kishushwe saa ile ile, na Status ibadilishwe: "Za 3,400 zimeisha. Zilizopo ni 3,800, bado unaijaribu kabla ya kulipa." Wapo watakaokuja kwa hiyo.