Jumla ya 1 − 1 + 1 − 1 ni ngapi?

Anza na 1, toa 1, ongeza 1, toa 1, usikome. Jumla ya kila hatua ni 1, 0, 1, 0. Haitulii popote, kwa hiyo kwa maana ya kawaida hesabu hii haina jibu. Mwaka 1703 mtawa wa Italia, Guido Grandi, alidai jibu ni nusu, na wanahisabati wakabishana kwa miaka mingi.

Mwaka 1890 Ernesto Cesàro, Mwitalia pia, alieleza njia safi: chukua wastani wa zile jumla. Baada ya hatua 1 wastani ni 1. Baada ya 2 ni 1/2. Baada ya 3 ni 2/3. Baada ya 4 ni 1/2 tena. Baada ya hatua 101 ni 51/101, yaani 0.505 hivi. Unazidi kuisogelea nusu.

Hii haina maana kwamba ukijumlisha kwa muda mrefu utaikuta nusu, hutaikuta kamwe. Cesàro aliipanua maana ya neno “jumla”, na hesabu zenye jibu la kawaida hubaki na jibu lilelile.

Lakini tahadhari: ingiza sifuri baada ya kila 1 ya kuongeza, 1 + 0 − 1 + 1 + 0 − 1. Sasa jumla ni 1, 1, 0, 1, 1, 0, na wastani unaelekea 2/3. Sifuri haikuongeza kitu, ila imeirefusha zamu ya 1. Nayo 1 + 1 + 1 inayoendelea bila kikomo, wastani wake hukua tu.